Skrinishoti nne za shangazi na ile asilimia kumi iliyonidanganya

Mwaka jana mwezi wa saba shangazi yangu alinitumia skrinishoti nne wasap, zote kwa mpigo, chini yake akaandika "mwanangu niangalizie hapa niposti saa ngapi." Shangazi anauza dagaa, mzigo anachukua Mwaloni pale Kirumba, anachambua, wengine anakaanga, anafunga kwenye vifungashio, wateja wake wengi wanatoka Insta, wapo wa Mwanza hapahapa na wapo anaowatumia kwa basi. Peji yake wakati ule ilikuwa na wafuasi 3,180. Mimi ndo nilikuwa nimemfundisha kufungua insaiti, ile sehemu ya takwimu za peji, kwahiyo nilijiona najua, nikakaa na kikokotoo cha simu dakika kumi nikamjibu. Jibu lenyewe lilikuwa baya na tukaenda nalo wiki tatu nzima, ndo maana naandika hii, kwasababu naona watu wengi wanaoendesha peji ndogo wanafanya hesabu ileile niliyofanya mimi.

Skrinishoti zenyewe zilikuwa hivi. Ya kwanza ni picha ya dagaa wameanikwa kwenye chanja, iliwekwa saa moja usiku, imefikia akaunti 1,240 na ina mwingiliano 62, yaani laiki, komenti, sevu na sheya ukijumlisha zote. Ya pili ni rili, shangazi anakaanga dagaa na nyanya na pilipili hoho, iliwekwa saa saba mchana, imefikia akaunti 6,900, mwingiliano 276. Ya tatu ni picha ya bei mpya, iliwekwa Jumamosi saa tatu asubuhi, imefikia akaunti 210, mwingiliano 21. Ya nne alikuwa ameibusti, alilipia tangazo, imefikia 14.3K na mwingiliano 190.

Nikachukua fomula ambayo wengi tunaitumia:

```
(likes + comments + saves + shares) / reach * 100
```

Ya kwanza ikatoka asilimia 5. Rili asilimia 4. Ile ya kubusti asilimia 1.3. Ya bei, ile ya Jumamosi asubuhi, ikatoka asilimia 10 kamili. Nikaona jibu limejileta lenyewe, nikampigia, "shikamoo shangazi, jibu nimepata, saa tatu asubuhi, watu wako wanaitika mara mbili ya usiku." Akafurahi kweli. Kuanzia hapo kila posti ikawa inaenda saa tatu asubuhi.

Sasa nikwambie kosa liko wapi, maana hesabu yenyewe haina kosa, 21 gawanya kwa 210 ni asilimia 10 hata ukirudia mara mia.

Kosa lilikuwa pale juu kabisa ya skrinishoti, sehemu ambayo hakuna anayeiangalia. Ile mistari ya betri na mtandao. Wiki tatu baadae nilikuwa natafuta picha nyingine nikaifungua tena ile ya bei nikaona pale kwenye kona imeandikwa 12:06 na betri asilimia 14. Saa sita na dakika sita mchana. Posti iliwekwa saa tatu asubuhi. Nikaenda kuangalia jina la faili, lilikuwa `IMG-20250719-WA0031.jpg`, na wasap huwa inaandika kwenye jina tarehe ambayo picha imekufikia, tarehe 19 mwezi wa saba, ambayo ilikuwa Jumamosi ileile. Maana yake shangazi aliipiga skrinishoti masaa matatu tu baada ya kuposti. Ile ya chanja ilikuwa na siku 24 tangu iwekwe, rili ilikuwa na siku nne. Kwahiyo nilikuwa nimelinganisha mtoto wa masaa matatu na mtu mzima wa siku 24.

Na hii sio tofauti ya idadi tu, ningejua ni idadi ningesema sawa, ndo maana tunatumia asilimia. Tatizo ni kwamba asilimia yenyewe inabadilika na umri wa posti. Posti ikiwa mpya kabisa watu wa mwanzo kuiona mara nyingi ni wale wanaokufuatilia kwa karibu, wateja wa siku zote, ndugu, majirani wa sokoni, wale ambao wakiona tu wanagonga laiki hata kabla ya kusoma. Baadae inasogea kwa watu wa mbali zaidi, wafuasi ambao walikufolo zamani wakakusahau, na watu wasiokujua kabisa, na hao wanapita tu. Waliofikiwa wanaongezeka haraka kuliko wanaogonga, na asilimia inashuka. Nilifungua posti ile ya bei siku ileile niliyogundua, ilikuwa imefikia akaunti 980 na mwingiliano 44, piga hesabu unapata asilimia 4.5. Asilimia 10 ilikuwa imeyeyuka ikawa chini hata ya picha ya chanja. Hiyo saa tatu asubuhi niliyoitangaza kwa furaha haikuwa na kitu chochote cha pekee.

Hapo nikakaa chini vizuri nikaanza kuzikagua zote nne upya, na kila moja ilikuwa na shida yake.

Ile ya kubusti ndo rahisi, unaitoa tu nje. Akaunti 14.3K zile nyingi zilitoka kwenye tangazo, shangazi aliwalipia wafikiwe, hawakuwa kwenye simu kwasababu ya saa aliyoposti bali tangazo liliwafuata wakati wowote walipofungua. Ukiingia kwenye insaiti ya posti iliyobustiwa inakuonyesha kwamba sehemu imetoka kwenye matangazo, lakini skrinishoti ya shangazi ilikuwa imekatwa, haionyeshi hapo chini. Kwahiyo nikajiwekea utaratibu kwamba posti iliyolipiwa haiingii kwenye daftari la muda wa kuposti, hata iwe imefanya vizuri namna gani.

Rili ndo ilinipa shida zaidi. Binamu yangu, binti wa shangazi, yeye alikuwa anagombana na mimi kwamba rili ndo imeshinda, na akanionyesha hesabu yake. Yeye alikuwa anagawanya kwa idadi ya wafuasi, sio waliofikiwa. Mwingiliano 276 gawanya kwa 3,180 unapata asilimia 8.7. Picha ya chanja kwa njia hiyo inakuwa asilimia 1.9 na ya bei, na ile 21 yake, haifiki hata asilimia moja. Yaani posti zilezile, siku ileile, kwangu mimi ya bei ni ya kwanza na kwake yeye ni ya mwisho. Tulibishana pale jikoni kwa shangazi mpaka ugali ukapoa, na wote tulikuwa tumepiga hesabu sahihi.

Tofauti ni swali unalouliza. Ukigawanya kwa waliofikiwa unauliza, kati ya walioiona, wangapi wamefanya kitu. Ukigawanya kwa wafuasi unauliza, posti hii imeleta mwitiko kiasi gani ukilinganisha na ukubwa wa peji. Rili inasukumwa kwa watu wasiokufuata, kwenye skrinishoti yake ilionyesha wafuasi ni asilimia 18 tu ya walioiona, sasa ukichukua laiki za watu wa nje ukagawanya kwa wafuasi wako unapata namba kubwa ambayo haiwahusu hao wafuasi. Sisi swali letu lilikuwa ni saa ngapi tuwakute wateja wetu, kwahiyo nilimwambia binamu tutumie waliofikiwa, na rili tulinganishe na rili, picha tulinganishe na picha. Na rili kwa kweli kwa muda wa kuposti haikufundishi sana, ile ya kukaanga ilikuwa bado inaongeza watu siku ya nne, sasa saa uliyoiweka inakuwa na uzito gani hapo.

Kuna kitu kingine kidogo lakini kimewahi kunichanganya, siku hizi namba kubwa inayoonekana kwanza kwenye insaiti ni `Views`, na `Accounts reached` iko chini yake. `Views` inahesabu kila mara imeonekana, mtu mmoja akiangalia mara tatu ni tatu. Ile rili ilikuwa na `Views` 9,800. Ukigawanya kwa hiyo unapata asilimia 2.8 badala ya 4. Hakuna ubaya kutumia hiyo ilimradi utumie hiyohiyo kwa posti zote, ubaya ni skrinishoti moja ukachukua ya juu na nyingine ukachukua ya chini kwasababu ndo iliyoonekana kwenye picha.

Sasa kabla sijafika kwenye jaribio tulilofanya lazima niseme habari ya saa, kwasababu hii sijawahi kuona mtu anaiongelea na sisi tunaoongea Kiswahili ndo inatupata.

Mwezi wa nane, nikiwa nimeshagundua saa tatu asubuhi haina maana, nilimwambia binamu aingie kwenye insaiti ya wafuasi, kuna sehemu inaitwa `Most active times`, ina vinguzo vinavyoonyesha wafuasi wako wako hewani saa ngapi, chini vimeandikwa `12a`, `3a`, `6a`, `9a`, halafu `12p`, `3p`, `6p`, `9p`. Kwenye simu ya shangazi nguzo ndefu zilikuwa `6p` na `9p`. Nikamwambia kwa simu nikiwa Igoma kwenye daladala kelele tupu, "posti tisa, nguzo ya tisa ndo ndefu." Akaposti saa tisa. Alasiri! Wiki mbili mfululizo posti zinaenda saa tisa alasiri, na kwenye daftari ameandika "saa 9", mimi nikija nasoma nadhani ni ile `9p` ya kwenye chati, ambayo ni saa tatu usiku. Tulikuja kujua pale niliposhangaa mbona mteja amekomenti kabla ya muda ambao mimi nadhani posti ilikuwepo.

Zile posti za wiki mbili tukazifuta kwenye hesabu. Tukaamua daftari liandikwe kwa saa za simu zenye tarakimu nne, `09:00`, `15:00`, `19:00`, na pembeni yake neno la Kiswahili, asubuhi, alasiri, usiku. Hiyo `19:00` ni saa moja usiku, `15:00` ni saa tisa alasiri, hakuna tena kubahatisha. Kama unafanya kazi na mtu mwingine kwenye peji naomba hili ulichukue, usimtajie mwenzio namba tupu.

Na hiyo chati yenyewe nayo ina mipaka. Inakwambia watu wako Insta saa ngapi, haikwambii saa wanayogonga wala saa wanayonunua. Jioni watu wengi wako hewani lakini pia kila mtu anaposti jioni, dagaa wako wanagombania nafasi na harusi na mpira na vichekesho. Kwahiyo nguzo ndefu ni sehemu nzuri ya kuanzia kujaribu, jibu inabidi ulitafute mwenyewe.

Tukajaribu sasa. Tulianza Jumatatu tarehe 25 Agosti tukaenda wiki sita. Kila wiki posti mbili za jaribio, Jumanne na Alhamisi, moja inaenda saa tatu asubuhi nyingine saa moja usiku, na wiki inayofuata tunageuza ili Jumanne isiwe ya asubuhi siku zote. Posti zote ni za aina moja, picha ya mzigo wa wiki hiyo na bei, hakuna rili, hakuna kubusti, hakuna "komenti NATAKA upate punguzo" maana hiyo inapandisha komenti hata saa nane usiku. Posti nyingine shangazi aliendelea kuweka anavyopenda ila haziingii daftarini. Na kila posti inapigwa skrinishoti siku ya saba, saa ileile iliyowekwa. Hapa binamu ndo alisaidia sana, aliweka alamu kwenye simu, kwasababu insaiti inakuonyesha jumla ya mpaka sasa hivi, ukichelewa wiki mbili huwezi kurudi kuuliza siku ya saba ilikuwaje. Tulichelewa mara moja kwa siku moja, nikaiacha ibaki humohumo.

Kingine, namba ya komenti inayoonekana chini ya posti inahesabu na majibu ya shangazi mwenyewe. Shangazi anajibu kila mtu, "karibu sana mpenzi", "njoo wasap", kwahiyo posti yenye komenti 16 unaweza kukuta nane ni zake. Tulikuwa tunahesabu za wateja tu. Kwenye peji kubwa haisumbui, kwa peji ya mwingiliano 50 au 60 komenti nane ni nyingi.

Wiki sita zikaisha tukawa na posti 12, sita za asubuhi na sita za usiku. Nikajumlisha kwanza waliofikiwa wote wa asubuhi, halafu mwingiliano wote wa asubuhi, ndo nikagawanya, sikuchukua asilimia za kila posti nikatafuta wastani, kwasababu posti iliyofikia watu wachache ikiwa na asilimia kubwa inavuta wastani juu bila haki. Asubuhi ilitoka akaunti 5,600 na mwingiliano 277, asilimia 4.9. Usiku akaunti 6,300 na mwingiliano 330, asilimia 5.2.

Nilivyoona hivyo nikataka kusema usiku umeshinda. Nikajizuia, maana nilikuwa nimeshaumwa na ile asilimia 10. Nikatandaza zile 12 zote mezani, moja moja. Ya chini kabisa ilikuwa na asilimia 3.1 na ya juu kabisa 7.4, na zote mbili, ya chini na ya juu, zilikuwa za saa moja usiku. Kama posti za saa moja zenyewe kwa zenyewe zinapishana namna hiyo, basi pengo la 4.9 na 5.2 ni dogo mno, wateja ishirini wakigonga au wasipogonga linageuka. Kuna kitu kingine kilikuwa kinazisukuma juu na chini, sio saa.

Aliyekiona ni shangazi, na hakuwa anaangalia namba. Nilikuwa nimezipanga zile skrinishoti kwa kufuatana na tarehe kwenye simu nampitishia, yeye anaangalia picha za dagaa tu. Akasema, "hizi ni za giza, hizi ni za mbalamwezi, hizi tena giza." Nikamuuliza anamaanisha nini, akaniangalia kama namuuliza jina lake.

Kwa ambao hawajakaa huku ziwani, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na za betri. Taa inawavuta dagaa waje juu karibu na mtumbwi, wanazungushiwa wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika siku hizo kuzunguka mwezi mpevu. Mzigo unapungua mwaloni, bei inapanda, na unachokipata ni cha siku zilizopita. Giza likirudi mitumbwi inarudi kazini, asubuhi mchanga na chanja vinajaa dagaa wanang'aa kama fedha, bei inashuka. Kila mtu wa Mwaloni anaishi kwa kalenda hiyo. Mimi nimezaliwa hapahapa na nilikuwa nalijua hili kabisa, sema halikunijia kichwani kwamba linahusu insaiti.

Nikachukua kalenda. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 7 Septemba na tarehe 7 Oktoba, mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 23 Agosti na 21 Septemba. Katika zile wiki sita, wiki ya kwanza, ya nne na ya tano zilikuwa za giza, ya pili, ya tatu na ya sita za mbalamwezi. Tatu kwa tatu, na kila wiki ilikuwa na posti moja ya asubuhi na moja ya usiku, kwahiyo bila kupanga tulikuwa na jaribio lingine ndani ya lile la kwanza.

Wiki za giza, asubuhi, akaunti 3,000, mwingiliano 186, asilimia 6.2. Giza, usiku, akaunti 3,500, mwingiliano 224, asilimia 6.4. Mbalamwezi, asubuhi, akaunti 2,600, mwingiliano 91, asilimia 3.5. Mbalamwezi, usiku, akaunti 2,800, mwingiliano 106, asilimia 3.8. Isome tena taratibu. Ukishuka kutoka giza kwenda mbalamwezi asilimia inaanguka karibu nusu, iwe asubuhi iwe usiku. Ukitoka asubuhi kwenda usiku inapanda kidogo sana. Nilikuwa nahangaika na saa wakati jibu liko kwenye mwezi.

Na fikiria kama tungefanya kama watu wengi wanavyofanya, wiki mbili unaposti asubuhi halafu wiki mbili unaposti usiku halafu unalinganisha. Asubuhi ingeweza kuangukia mbalamwezi na usiku ukaangukia giza, au kinyume chake, na sisi tungeapa kwamba saa moja usiku inaongeza mwingiliano karibu mara mbili. Kugeuzageuza ndani ya wiki moja ndo kulituokoa. Wewe unaweza usiwe unauza dagaa, lakini kama wateja wako ni wa mshahara basi tarehe 25 kwenda mbele sio sawa na tarehe 15, na kama ni sare za shule Januari sio sawa na Machi, skrinishoti ya wiki moja haiwezi kukuonyesha hilo.

Ninachoweza kusema kwa uhakika hapa kina mpaka. Siwezi kutenganisha kama watu wanagonga zaidi wakati wa giza kwasababu ya bei iliyoshuka au kwasababu picha yenyewe ni nzuri, dagaa wapya wanavutia kwenye kamera na wa siku nyingi wamekuwa wa njano, vyote viwili vinakuja pamoja. Na posti 12 ni chache. Lakini tofauti ya 6.3 kwa 3.6 ukijumlisha asubuhi na usiku, inayojirudia kwenye giza zote mbili, naiamini kuliko ile asilimia 10 ya masaa matatu.

Saa ya kuposti tuliishia kuichagua kwa kitu ambacho insaiti haina. Saa tatu asubuhi shangazi yuko Mwaloni anapatana bei, simu iko kwenye pochi chini ya khanga, mteja akiuliza "mna kilo tano?" anajibiwa saa saba na wakati huo ameshanunua kwingine. Saa moja usiku yuko nyumbani, amekaa, simu mkononi, anajibu palepale na asubuhi anajua afunge kilo ngapi. Kwa pengo dogo lile la asilimia hiyo ilitosha kabisa, tukaenda na `19:00`.

Daftari sasa lina safu mpya. Tarehe, saa kwa tarakimu nne, aina ya posti, waliofikiwa siku ya saba, mwingiliano bila majibu yetu, halafu mwisho safu ya mwezi, ambayo shangazi anaijaza mwenyewe kwa kuchora, duara jeusi giza, duara jeupe mbalamwezi. Picha za bei anaziweka giza likianza. Wiki za mbalamwezi anaweka rili za mapishi, na hela ya kubusti amesema hataitoa tena mpaka aone mitumbwi imetoka.